Kukuza renda kwa ajili ya karatasi bila kulibuni upya kabati

Wabunifu wenzangu, ndugu mafundi, na ninyi mnaosimama mbele ya mashine za kuchapa, asanteni kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie namna ya kukuza na kunoa renda, yaani picha ya chumba iliyozalishwa na programu, ili ichapwe vizuri bila kuongezewa kitu ambacho mbunifu hakukikusudia. Sitapita kwenye kila programu iliyopo sokoni. Nitazungumzia kabati moja tu, tulifuate kuanzia kwenye skrini mpaka kwenye karatasi, kwa sababu nadhani karibu kila kinachoharibika katika kazi hii kinaonekana kwenye hilo kabati.

Renda yetu ina pikseli 1216 kwa 832, kipimo cha kawaida kabisa kwa modeli ya kuzalisha picha kama SDXL. Inaonyesha chumba chenye ukuta wa rangi ya maziwa na kabati refu la milango minne linalotazamwa kwa pembeni: mlango wa kwanza uko karibu nasi upande wa kushoto, wa nne uko mbali kule kulia. Kila mlango umefunikwa kwa fito za mbao zilizosimama wima. Mbunifu ameshakata shauri: kabati lina urefu wa milimita 1800, kila mlango milimita 450, na kila mlango una fito 24. Itachapwa kwenye karatasi ya A2, picha yenyewe ikiwa na upana wa milimita 560 na pembezoni nyeupe. Mteja ataitazama akiwa amesimama umbali wa sentimita 60 hivi.

Jambo la kwanza ambalo watu hulifanya hapa ni kutafuta pikseli 300 kwa inchi. Namba hiyo imekaririwa mno. Ina maana kwa kitabu unachokishika mkononi, kwa sababu jicho zima hutenganisha vitu viwili vilivyoachana kwa takriban dakika moja ya pembe, na kwa umbali wa sentimita 30 hiyo inakuja karibu na pikseli 290 kwa inchi. Ukitaka hesabu ya haraka, gawa 8,700 kwa umbali wa kutazamia kwa sentimita. Kwa sentimita 60 unapata 145. Kwa mita moja unapata 87 tu.

Sasa tazameni tofauti inayoletwa na hesabu hiyo ndogo. Milimita 560 ni inchi 22 na kidogo. Renda yetu ikichapwa ilivyo inatoa pikseli 55 kwa inchi, na hapo kweli ngazingazi za kingo zitaonekana. Tukifuata zile 300 tutahitaji kuikuza zaidi ya mara tano. Tukifuata umbali halisi wa mtazamaji, mara tatu inatosha: pikseli 3648 kwa 2496, sawa na 165 kwa inchi, na bado tumebaki na akiba kidogo. Nalikazia hili kwa sababu kila mara unapozidisha ukubwa, idadi ya pikseli ambazo hazikuwemo kwenye picha ya asili inaongezeka kwa mraba wake. Ukikuza mara tatu, katika kila pikseli tisa, nane hazikuwemo. Ukikuza mara tano, ni 24 katika 25. Hizo zote mtu au programu fulani lazima azijaze.

Swali ni nani anayezijaza, na kwa kutumia nini.

Kuna sehemu za picha ambazo kujaza si kubuni. Ukingo wa juu wa kabati ni mstari ulionyooka, upande mmoja mweusi, upande mwingine mwepesi. Pikseli zilizopo zinatosha kueleza mstari huo unapita wapi na una mteremko gani. Ukiukuza, unaendeleza habari iliyopo. Lakini twende kwenye fito. Mlango wa kwanza una upana wa pikseli 300 kwenye renda ya asili. Gawa kwa 24: kila ufito pamoja na uwazi wake una pikseli 12 na nusu. Hapo umbo limo, unaweza kuzihesabu fito kwa kidole. Mlango wa pili una pikseli 190, kila ufito umebaki na karibu nane. Wa tatu una 130, yaani kama tano na nusu. Wa nne una pikseli 80 tu. Ufito na uwazi wake vimebanwa ndani ya pikseli tatu na kitu. Kinadharia, mbili zinatosha kuonyesha kwamba kuna kupishana kwa giza na mwanga. Kwa uhalisia wa picha iliyolainishwa kingo na kubanwa kuwa JPEG, chini ya nne huwezi kuamini unachokihesabu. Kinachoonekana kwenye mlango wa nne ni michirizi ya kahawia inayoingiliana.

Modeli ya kukuzia ikifika hapo haitakwambia kwamba haioni. Itafanya kama shahidi aliyeliona gari kwa mbali halafu akalazimishwa kutaja namba zake: atazitaja, na zitakuwa namba zenye sura ya namba za gari. Mlango wa nne utatoka na fito safi, zenye kingo kali, zinazopendeza. Utakapozihesabu utakuta 19.

Kabla ya kufungua programu yoyote, basi, chukueni renda ya asili, ikuzeni kwenye skrini kwa asilimia 400 bila kulainisha, na mpite juu yake mkiwa na kalamu. Zungushieni duara kila sehemu ambapo umbo lina pikseli chini ya nne kwa kila kinachojirudia, na kila kitu kidogo ambacho watu wawili mkikitazama mnakisoma kwa namna mbili. Kwenye renda yetu duara la kwanza ni mlango wa nne. La pili ni vishikio. Kishikio cha mlango wa kwanza ni doa jeusi la pikseli 14. Kwenye karatasi litakuwa na milimita sita na kitu, na kwa kipimo cha mlango huo ni kitu cha milimita 20 hivi. Je, ni kitufe cha duara? Ni kipande cha ngozi? Ni tundu lililochongwa kwenye mbao? Renda haijasema. Modeli itasema, na kuna mtu atakwenda kununua vishikio kwa kuamini ilichosema.

Niwaeleze kwa ufupi zana zenyewe zinavyotofautiana, maana watu huziweka zote kwenye kapu moja. Ukuzaji wa hesabu tupu, kama `Bicubic` au `Lanczos`, hukadiria kila pikseli mpya kutokana na majirani zake. Hauwezi kubuni ufito wala skrubu. Ubaya wake ni kwamba picha hutoka laini, na `Lanczos` huacha kivuli chembamba cha mwangwi kando ya kingo kali. Modeli zilizofunzwa kwa mifano, kama Real-ESRGAN ya mwaka 2021, hufanya kitu kingine: zimefunzwa kuchukua picha iliyoharibiwa kwa ukungu, chengachenga na mbano wa JPEG, na kuirudisha kwenye sura ya picha nzuri. Kingo ndefu zinatoka kali sana. Ila waundaji wenyewe waliandika kwamba picha za majengo na za ndani ya vyumba wakati mwingine hutoka na mistari iliyopinda, kwa sababu ya ngazingazi zilizokuwemo kwenye picha ndogo. Kwetu sisi huo ndio moyo wa kazi: viungo vya vigae, fito, fremu za dirisha. Tena modeli hiyo ina tabia ya kusafisha. Lipu yenye mikwaruzo midogo uliyoichagua makusudi itatoka nyororo kama plastiki, kwa sababu kwa macho yake ile mikwaruzo ni uchafu.

Kundi la tatu ni ukuzaji unaopitisha picha tena kwenye modeli ya kuzalishia, kipande kwa kipande. Pale kuna kitelezi kinachoitwa `denoising strength`, na kila unapokisogeza juu unaipa modeli ruhusa zaidi ya kuchora upya. Kwenye 0.2 mabadiliko ni madogo. Kuanzia 0.35 kwenda juu, maumbo madogo huanza kubadilika. Na yale maelezo uliyoandikia renda ya kwanza, yenye maneno kama chumba cha kifahari na mimea, hutumika kwa kila kipande peke yake. Kipande ambacho ni ukuta mtupu kinaambiwa mimea, nacho kinajitahidi kuotesha jani. Kwa picha ya hadithi au bango la tamasha, sina neno. Kwa samani inayokwenda kutengenezwa, mimi situmii, na sioni sababu ya mtu kutumia kisha akapoteza saa nzima kusaka majani.

Kwa hiyo kwenye kabati letu tunatengeneza picha mbili kutoka renda moja, kwa amri za ImageMagick na Real-ESRGAN. Hakikisheni mnaanza na faili la PNG lililotoka moja kwa moja kwenye programu. Lililopita kwenye ujumbe wa simu limebanwa, na miraba ya pikseli nane kwa nane inayoachwa na mbano wa JPEG ni chakula kitamu kwa modeli. Inaigeuza kuwa umbile la kitambaa.

```
magick asili.png -filter Lanczos -resize 300% laini.png
realesrgan-ncnn-vulkan -i asili.png -o x4.png -n realesrgan-x4plus
magick x4.png -filter Lanczos -resize 3648x2496 kali.png
```

Modeli hii inakuza mara nne, kisha tunashusha hadi tatu. Kule kushuka nako kunasaidia, kwa sababu vitu vidogo mno ilivyobuni vinafifia kidogo.

Wekeni `laini` chini na `kali` juu yake, leya mbili kwenye faili moja, mkuze skrini hadi asilimia 200, halafu muwe mnaizima na kuiwasha leya ya juu. Jicho la binadamu ni bovu kulinganisha picha mbili zilizowekwa kando kwa kando, lakini ni kali ajabu kwa kitu kinachotikisika mahali pake. Ukingo uliokuwa laini ukawa mkali hautikisiki, unakaza tu. Kiungo cha kigae kilichopinda kinaruka. Fito zilizopungua zinaonekana kama zinatambaa kwenda pembeni. Hii njia ya kuzima na kuwasha haina gharama yoyote na mimi naiamini kuliko kipimo chochote cha namba.

Namba nazo zina kazi yake. Unaweza kuishusha picha kubwa irudi kwenye ukubwa wa asili, uitoe kutoka kwenye renda ya kwanza, na uone kilichobaki:

```
magick kali.png -filter Box -resize 1216x832 rudi.png
magick asili.png rudi.png -compose difference -composite \
  -evaluate multiply 8 tofauti.png
```

Kinachong'aa kwenye `tofauti.png` ndicho kilichobadilika. Fanyeni vivyo hivyo kwa `laini.png`, kwa kuwa kingo zitang'aa kidogo hata huko. Mnachotafuta ni kile kinachong'aa kwenye `kali` peke yake. Hapa mtanasa ukuta uliobadilika rangi, kivuli kilichofutwa, na lipu iliyosuguliwa.

Lakini msidanganyike na picha nyeusi tupu. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walitoa mfumo unaoitwa PULSE. Ulikuwa unatafuta uso mkubwa ambao, ukishushwa, unalingana na uso mdogo uliopewa. Kwa maneno mengine, jaribio letu hili la kushusha ndilo lilikuwa lengo lake lenyewe. Mtu akaupa picha ndogo ya Barack Obama yenye miraba, ikatoka sura ya mzungu. Mara baada ya kushushwa, ile sura ililingana na ile miraba. Picha kubwa zinazoweza kushuka na kuwa picha ndogo moja ni nyingi mno, na jaribio la kushusha haliwezi kukwambia ipi kati ya hizo ndiyo yako. Kwenye mlango wa nne, fito 19 na fito 24 zikishushwa hadi pikseli 80 zinaweza kukaribiana kiasi kwamba `tofauti.png` ikakaa kimya. Jaribio hilo linanasa uongo mkubwa. Uongo ulio mdogo kuliko pikseli moja ya asili unalipita chini kwa chini, na uongo wa namna hiyo ndio unaotusumbua.

Ndiyo maana nasema kuhesabu. Fito, droo, vigae kutoka ukutani hadi ukutani, ngazi, mikunjo ya pazia ikiwa mbunifu ameitaja. Unahesabu kwenye asili pale panapohesabika, unahesabu kwenye `kali`, na pale pasipohesabika kwenye asili unarudi kwenye mchoro wa mbunifu.

Baada ya hapo leya ya `kali` inawekewa maski. Kwenye kabati letu mimi ningeiacha ionekane kwenye mwili wa kabati, mistari ya sakafu iliyopita jaribio la kuzimwa, fremu ya dirisha, na milango miwili ya kwanza. Mlango wa tatu ningeupa nusu kwa nusu, kama asilimia 50 ya ukolezi, baada ya kuhesabu na kukuta 24. Ukuta wa lipu ningeurudisha wote kwenye `laini`. Na angalieni nyuzi za mbao kwenye sehemu ya juu ya kabati: kama mwelekeo wa nyuzi umechaguliwa, kwa mfano zikimbie kwa urefu wa kabati, hakikisheni modeli haijaweka mafundo na mizunguko katikati. Mteja huona fundo kwenye renda akalipenda, kisha hulikosa kwenye kabati.

Mlango wa nne unabaki. Hapa hakuna kukuza, kuna kuchora, na anayechora ni sisi. Habari nzuri ni kwamba mlango wa kwanza ni mlango uleule kwa muundo, na kwenye picha kubwa una pikseli 900. Unanakili fito zake, unazinyoosha ziwe mstatili wa mbele, kisha kwa zana ya mtazamo unazivuta hadi kwenye pembe nne za mlango wa nne, wenye pikseli 240. Kwa kuwa unapunguza badala ya kukuza, habari ipo ya kutosha, na zana hiyo yenyewe inazibana fito kadiri zinavyokwenda mbali. Weka leya hiyo katika hali ya `Multiply` kwa ukolezi mdogo, ili mwanga na kivuli cha renda ya asili kibaki kama kilivyo na wewe uwe umeongeza mistari tu.

Kuna mtego mmoja. Fito zina unene. Mlango wa mbali tunautazama kwa pembe iliyolala zaidi, kwa hiyo ubavu wa kila ufito unaziba sehemu ya uwazi unaofuata. Ukinakili kutoka mlango wa karibu, nyufa zitatoka pana kuliko inavyopaswa. Zipunguze. Ikiwa fito ni nene na nyufa ni nyembamba, huenda kwa pembe ile nyufa zisionekane kabisa, na michirizi hafifu iliyokuwa kwenye renda ndiyo picha ya kweli. Katika hali hiyo uache mlango wa nne ukiwa laini. Kitu kilichofifia kwa mbali hakimshangazi mtazamaji. Ndivyo macho yanavyoona siku zote.

Vishikio ni hivyohivyo. Muulizeni mbunifu. Kama ameshachagua, chora umbo lake kwa pikseli zile 42 ulizo nazo sasa. Kama hajachagua, chukua doa la `laini`, liwe doa. Maandishi yoyote, namba ya mlango, nembo, saa ya ukutani: vifutwe na kuwekwa upya kama vekta, au viondolewe kabisa.

Sasa kunoa. Watu wengi huona kunoa ni jambo lisilo na hatari, kwa sababu hakuna modeli ndani yake. Lakini kunoa kwa `Unsharp Mask` hakuongezi habari. Kunafanya upande mwepesi wa ukingo uwe mwepesi zaidi na upande mweusi uwe mweusi zaidi. Kunachora mstari. Swali ni mstari huo una upana gani kwenye karatasi, na seremala atausoma kama nini.

Tuhesabu kwenye kabati letu. Kwa pikseli 165 kwa inchi, pikseli moja ni milimita 0.15 kwenye karatasi. Mtu anaweka `Radius` kwenye 4 kwa sababu picha ilionekana butu kwenye skrini. Anapata ukanda mweupe wa zaidi ya nusu milimita, tuseme 0.6, kwenye kila ukingo. Mlango wa kwanza, wenye milimita 450, umechapwa kwa upana wa milimita 138, kwa hiyo ule ukanda unasomeka kama kitu cha milimita 2. Hiyo ni ukanda wa kuzibia kingo za ubao, kitu kinachouzwa na kubandikwa. Mlango wa nne umechapwa kwa milimita 37 tu. Ukanda uleule hapo unasomeka kama milimita 7. Kwa hiyo sasa una kabati lenye urembo mweupe kwenye kingo, tena urembo unaonenepa kadiri kabati linavyokwenda mbali. Na hakuna aliyebuni.

Kanuni ya zamani ya wachapaji wa picha inasaidia: chukua pikseli kwa inchi za uchapaji, gawa kwa 200, hiyo ndiyo `Radius`. Kwetu inatoka 0.8. Ukanda wake kwenye karatasi ni kama milimita 0.12, na kwa umbali wa sentimita 60 jicho haliuoni kama mstari. Linaona ukali tu. `Amount` tunaanzia kati ya asilimia 80 na 120, na `Threshold` kwenye 3 au karibu na hapo ili ukuta usinolewe chengachenga zake. Noeni nakala ya leya iliyounganishwa, kisha muiweke katika hali ya `Luminosity`, ili ukali uguse mwanga peke yake na kingo zisiote rangi za ajabu. Na kunoa kuje mwisho, baada ya ukubwa kuwa ule wa kuchapwa. Ukinoa kisha ukakuza, unaukuza na ule ukanda. Sehemu zilizotoka kwa modeli zimekwisha kuwa kali. Zipunguzieni kwa maski, la sivyo zitanolewa mara mbili na zitaonekana kama zimekatwa na kubandikwa.

Hata baada ya haya, mtu mwingine atasema picha bado laini. Kabla hamjarudi kwenye kitelezi, jaribuni chembe. Ongezeni chembe ndogo zisizo na rangi, sawasawa kwenye picha nzima, kiasi ambacho ukisogea hatua moja hazionekani. Ukuta laini na kabati kali vitaanza kufanana umbile, na jicho litahesabu ule mparuzo mdogo kama ukali. Chembe hazina umbo, hazina mwelekeo, haziwezi kusomeka kama ufito wala skrubu. Ndiyo nyongeza pekee ninayoitia kwenye picha nzima bila kumuuliza mbunifu.

Msihukumu kunoa kwa kutazama skrini kwa asilimia 100. Wino husambaa kwenye karatasi, na kinachoonekana kimezidi kidogo kwenye skrini huwa kinakaa sawa kikichapwa. Kateni vipande viwili au vitatu, kimojawapo kiwe na mlango wa tatu na wa nne kwa pamoja, muviweke kwenye A4 kwa kipimo kilekile cha mwisho, mchape kwenye karatasi ileile, muvibandike ukutani na kurudi nyuma sentimita 60. Halafu mpeni mtu ambaye hajaiona renda, mwambieni aeleze kabati limetengenezwaje. Akitaja ukanda mweupe, mnajua kitelezi gani cha kurudisha. Akitaja fito, mwambieni azihesabu.

Wakati wa kutoa PDF, zimeni chaguo la kupunguza resolusheni ya picha na la kubana kwa JPEG, na mwambieni mpiga chapa achape kwa asilimia 100, asiache printa itoshelize picha kwenye karatasi yenyewe. Pamoja na faili hilo hifadhini `asili.png` na ile picha mliyoizungushia duara. Miezi baadaye fundi akipiga simu kuuliza kama mlango wa mwisho kweli una nyufa nyembamba kuliko mingine, mtafungua duara namba moja mumjibu palepale.